Tupeane uzoefu: umesimamishwa kwa tochi, ulimjibu nini askari?

Mzee wa Chalinze
Ndugu zangu, jana jirani yangu ameandikiwa faini ya shilingi 30,000 kwa mwendo kasi, akaikubali bila hata kuuliza picha, nami nikakumbuka yaliyonipata mwaka juzi nikitoka Morogoro kurudi Dar es Salaam. Naomba kila mmoja aeleze alivyofanya, hasa kwenye zile sehemu za kibao cha 50.

Mama Nasra
Mimi nilisimamishwa na trafiki nikiwa na watoto nyuma. Niliegesha pembeni, nikazima gari, nikashusha kioo na kusema, "Habari za kazi, afande." Aliomba leseni, nikampa. Akauliza bima, nikamwambia ni ya kidijitali, akaingiza namba ya gari kwenye simu yake akaiona. Hakukuwa na neno zaidi.

Kijana wa Tochi
Bima sawa, lakini mkumbuke pia kulipia leseni ya barabara ya kila mwaka, maana nayo wanaiuliza.

Mzee wa Chalinze
Kijana, hiyo ada ya mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, na badala yake tozo ya mafuta ikaongezwa shilingi 40 kwa lita. Unailipa kila unapojaza tangi. Askari akikuuliza leo, mkumbushe kwa adabu.

Kijana wa Tochi
Basi nimekuwa nikisikiliza madereva wa zamani mno.

Fundi Selemani
Ngoja niwasimulie. Nilisimamishwa kwenye kona baada ya mteremko, na askari akaniambia nimekwenda kilomita 63 kwa saa mahali pa 50. Nilijua sijafika huko, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na lori la mchanga lililokuwa likitambaa. Nikamwomba, "Afande, naomba nione picha." Akanyanyua simu, kwa sababu aliyepiga tochi yuko mbali nyuma na hutuma picha kwa mwenzake. Nikaangalia taratibu: gari dogo jeupe kama langu, mwendo 63, saa ipo, lakini namba iliishia na herufi N, nami yangu ni M. Lori lenyewe halikuwepo kwenye picha. Nikamwambia, "Afande, hebu tuisome namba hii pamoja na ile iliyoko kwenye bampa yangu." Akazunguka mbele ya gari, akasoma, akampigia mwenzake, kisha akanirudishia leseni na kusema, "Nenda, mzee." Mkononi nilikuwa nimeshashika noti tayari kumaliza mambo, na laiti ningeitoa, ningekuwa nimelipia kosa la mtu mwingine, tena bila risiti.

Mama Nasra
Herufi moja tu! Selemani, umenitisha.

Dereva wa Lori
Hadithi nzuri, lakini siku ile ulikutana na mstaarabu. Mimi niliomba picha nikaambiwa, "Unabishana na askari?" Nikaandikiwa.

Mwanasheria Mdogo
Ndugu Dereva, kuandikiwa si mwisho. Karatasi ya notifikesheni, kwa kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakupa njia mbili: kukiri kosa na kulipa faini, au kukana na kupelekwa mahakamani. Hakuna anayeweza kukulazimisha ukiri. Ukikiri, lipa kwa namba ya malipo unayopewa, kupitia benki au simu, si mkononi. Ila ukichagua mahakama, ujue picha ile ile ndiyo itakuwa ushahidi, na muda utakaopoteza ni wako.

Dereva wa Lori
Ndipo hapo. Nina mzigo wa nyanya kuelekea Ilala, nikae mahakamani kwa ajili ya 30,000? Nilikubali nikalipa.

Mwanasheria Mdogo
Ni uamuzi wako, lakini usiseme ulinyimwa haki, uliiacha.

Dereva wa Lori
Uliyeko ofisini una maneno.

Bodaboda wa Mbagala
Jamani, faini yetu imeshushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 tangu 2021, lakini mimi tatizo langu ni askari kuchomoa ufunguo. Anaruhusiwa?

Kijana wa Tochi
Haruhusiwi kabisa, mnyang'anye.

Mzee wa Chalinze
Kijana, usimpeleke mwenzio mahabusu! Kumnyang'anya askari kitu mkononi ni kumzuia kazi yake, na hapo kosa dogo huzaa kubwa. Bodaboda, muulize kosa lako ni lipi, soma jina na namba vilivyo kwenye sare yake, kisha ukalalamike kwa mkuu wake kituoni.

Mama Nasra
Je, nikisahau leseni nyumbani? Picha ya simu inatosha?

Fundi Selemani
Mmoja aliikubali, mwingine aliikataa. Mimi hubeba halisi, na nakala ya kadi ya gari, kwa kuwa ile kadi yenyewe iko benki.

Dereva wa Lori
Nimeingiza sasa hivi namba ya gari kwenye tms.tpf.go.tz. Kuna deni la mwezi uliopita ambalo sikusimamishwa kabisa. Mwanasheria, nifanyeje?

Mwanasheria Mdogo
Usilipe kwanza. Angalia tarehe na mahali lilipoandikwa, kisha unitumie.