Naomba ushauri: galaksi moja, kasi tatu tofauti

Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Mtwara na swali la mwanafunzi limenikwamisha.

Mstari mwekundu wa haidrojeni maabara ni nanomita 656.3. Kwenye mwanga wa galaksi ya zoezi letu umesogea hadi 787.6, yaani wimbi limerefuka mara 1.2 na masafa yamepungua kwa kiasi hichohicho. Nikatumia kanuni ya sauti, ileile ya honi ya meli inayotoka bandarini. Nikichukulia galaksi ndiyo inayokimbia, napata kilomita 60,000 kwa sekunde. Nikichukulia sisi ndio tunaokimbia, napata 50,000. Kijana akauliza: "Sasa mwalimu, nani anakimbia?" Nikabaki na chaki mkononi.

Kwa sauti naelewa: kuna hewa, na kasi ya kila mmoja hupimwa dhidi ya hewa hiyo. Mwanga hauna hewa yake. Nikajaribu kanuni ya Einstein:

```
f'/f = sqrt((1 - v/c)/(1 + v/c))
```

Ikanipa kama 54,100, katikati ya zile mbili.

Naomba kujua: hiyo tofauti na 60,000 inatokana tu na saa ya chanzo kuonekana kwenda polepole, au kuna kingine? Na kwa kuwa galaksi husogezwa na anga lenyewe kutanuka, ni sahihi kweli kuiita 54,100 kasi yake?