KARATASI YANGU YA RIPOTI IMEWEKWA CHINI YA MGUU WA MEZA!!!

Dripu_Kavu:
Wakuu, nimetoka zamu ya usiku hapa Dodoma na sijalala, nina hasira ya kula ukuta. Yule inchaji wetu mnamjua, yule wa viatu vinavyosikika kutoka geti la nje. Sisemi jina.

Wodi ya wazazi, vitanda 22. Mama wa kitanda cha 17 alifanyiwa upasuaji saa 9 usiku. Saa 1 asubuhi nakuta pedi ya pili imelowa chapachapa, tumbo la uzazi laini, mapigo 124, presha 90 kwa 50. Nakanda tumbo, oksitosini inapita kwenye dripu, nampigia daktari wa zamu. Yuko theatre, anasema "nakuja".

Saa 1:30 wa asubuhi wameingia. Nina karatasi nimeipanga kwa SBAR, yaani hali, historia, tathmini na ombi, wa 17 juu kabisa: anavuja damu sasa hivi, kajifungua kwa upasuaji saa 9, naona kizazi hakijakaza na anaelekea kwenye shoki, naomba mmoja abaki naye, damu iagizwe, daktari apigiwe tena SASA. Sentensi nne tu!

Akaniambia, "Tunaanza kitanda cha kwanza, hatujabadilisha dini." Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, AKAICHOMEKA CHINI YA MGUU WA MEZA INAYOYUMBA. Mbele ya wanafunzi!

Kitanda cha 1 anaruhusiwa kwenda nyumbani, tukamjadili kama bajeti ya serikali. Cha 3 tukajadili shuka lililopotea. Kufika 17 wajukuu wangu wameshastaafu. Mguu wa meza, wakuu!

Mjomba_Nzuguni:
Pole mdogo wangu. Swali moja: meza iliacha kuyumba?

Dripu_Kavu:
Iliacha. Ndiyo inayoniuma zaidi.

Mwl_Chang'ombe:
SBAR ndiyo ile benki mpya? Mimi mkopo wangu wanakata mara mbili mwezi huu, nani ana namba ya kulalamikia?

SistaMstaafu:
Inchaji kakosea, ila na wewe umechanganya. SBAR ni ya kumpigia daktari simu. Ripoti ya zamu ni kitanda kwa kitanda, ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna mgonjwa anayesahaulika.

Usingizi_Theatre:
Sista, shikamoo. Kwenye simu ndiko inakofaa sana, kweli, lakini hata zamu inakabidhiwa hivyo. Yenyewe ilitoka kwa mabaharia wa nyambizi za Marekani, hospitali zikaiazima. Na hofu yako ya kusahau mgonjwa ni ya kweli: ukiruka ruka vitanda, wa kona anaachwa. Sisi tunataja kwanza wale wa hatari, wawili au watatu, tukiwa tumesimama, na mtu anawafuata hapohapo. Wengine ndiyo tunazunguka kitanda kwa kitanda, kila mmoja maneno mafupi. Ukiandika SBAR ndefu kwa wote 22, mtakabidhiana hadi adhuhuri.

Dripu, mapigo yakishaipita presha ya juu, 124 kwa 90, hiyo tayari ni kengele. Ningeanza na namba hizo, halafu ndiyo "anavuja". Na huyo mama hakuwa wa kungojea ripoti. Ukiambiwa "nakuja" na hatokei, unamtafuta mwingine, unapiga kelele wodi nzima. Tranexamiki alipewa? Ile inataka mapema, damu ikianza tu kutoka.

Dripu_Kavu:
Alipewa gramu moja, lakini baada ya ripoti ya shuka. Akaongezewa damu, yupo hai. Kelele nilipiga, nikaambiwa nisitishe wagonjwa. Halafu MGUU WA MEZA.

SistaMstaafu:
Marahaba. Ila enzi zetu kitabu kilitosha.

Zabibu_Chungu:
Hivi mnajua sisi wodi ya wanaume tunakabidhiana kwa ujumbe wa simu? "Wote wazima, funguo kwa mlinzi." Juzi "wote wazima" mmoja alikuwa na sukari ya 2.1, anaongea na ukuta.

Mjomba_Nzuguni:
Na hizo ripoti zenu ndizo zinazomchelewesha mke wangu. Anatoka saa 3, daladala za asubuhi zimeshapungua, bajaji anadaiwa nauli ya kwenda Singida.

Mwl_Chang'ombe:
Bajaji za Nkuhungu ndiyo wezi kabisa. Mvua ikinyesha dakika mbili, bei mara tatu.

Zabibu_Chungu:
Mvua gani tena Dodoma hii? Hilo ni vumbi mwalimu.

Dripu_Kavu:
Jamani, uzi ni wa karatasi yangu.

Mjomba_Nzuguni:
Karatasi ina kazi ya kudumu sasa. Mwalimu, ukipata namba ya benki nitumie na mimi.