Afisa kazi kampigia meneja simu kwanza, kisha kaja na barua yangu mkononi

Wakuu, nina hasira hata usingizi sipati. Kiwandani kwetu hapa Dar tunaingia saa 1 asubuhi, tunatoka saa 1 usiku, siku sita. Ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 66 kwa wiki. Sheria inasema 45, na ovataimu isizidi saa 50 kwa wiki nne. Sisi tunafikisha 84, na hailipwi hata senti. Nikaandika barua ofisi ya kazi.

Afisa akampigia meneja simu siku mbili kabla! Daftari la mahudhurio likaandikwa upya, tukasainishwa kwamba tunatoka saa 9 na nusu alasiri, ili hesabu iangukie 45 kamili. Afisa alipofika aliletewa hilo moja, akaridhika. Daftari la mlinzi getini, ambalo kila anayetoka anaandikwa saa yake, hakuliuliza. Alituhoji watatu, meneja kakaa pembeni. Nani angesema kweli? Na barua yangu ilikuwa mezani, jina langu juu. Jumatatu nikahamishiwa kupakia mizigo.

Mtoto wa Mbagala: Afisa kazi hana meno, mkuu. Nenda CMA tu, kwenye tume ya usuluhishi.

Katibu Mstaafu wa Tawi: Pole sana kijana wangu. CMA nenda, hapo Mtoto wa Mbagala yuko sahihi, na usichelewe: madai ya malipo yana siku 60. Ila afisa meno anayo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamruhusu kuingia muda wowote unaofaa bila hati wala taarifa, kudai kumbukumbu na kuzinakili, na kuhoji watu. Akikuta kosa anatoa amri ya utekelezaji. Na mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ambao nchi yetu imeuridhia, unamkataza hata kudokeza kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Hilo la barua ndilo kosa kubwa. Mwandikie Kamishna wa Kazi, taja daftari la getini na tarehe unazozikumbuka. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mama Zuhura: Mdogo wangu anafanya kazi za ndani Mikocheni, miezi mitatu hajalipwa. Huyo afisa aje na kwake basi!

Katibu Mstaafu wa Tawi: Mama, nyumba ya kuishi afisa haingii hivi hivi. Mpaka mwenye nyumba akubali au Mahakama ya Kazi imruhusu. Lakini mdogo wako anaweza kwenda mwenyewe ofisi ya kazi akaeleza.

Mwanzisha uzi: Asante mzee. Shida, walinzi ni wa kampuni nyingine na daftari ni lao. Litadaiwa?

Katibu Mstaafu wa Tawi: Mimi naona ndiyo, maana limo humo humo kiwandani. Ila sijawahi kuona mwajiri akilibishia hilo mbele ya afisa.

Mtoto wa Mbagala: Wakilibadilisha na hilo?

Mwanzisha uzi: Kesho naingia zamu. Nitaangalia kama bado lipo.