Tupeane uzoefu: umeambiwa "rekebisha hiyo namba" kwenye jedwali la matokeo. Unakataaje, na unaripoti nini badala yake?

Mtunza_Jedwali
Wadau wa maabara na wa takwimu, karibuni. Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano mmoja.

Jedwali la utafiti liko mtandaoni na watu sita wana ruhusa ya kuandika. Mshiriki M-047, ziara ya pili, potasiamu inasomeka 9.8 mmol/L. Ziara ya kwanza ilikuwa 4.4. Ujumbe unakuja kutoka kwa mtu mwenye cheo: "Hiyo ni kosa la uchapaji, weka 4.8 tuendelee na uchambuzi."

Kukataa kwenyewe sina shida nako. Naomba tuelezane hatua: unaangalia nini kwanza, unaandika nini, wapi, na namba yenyewe unaiacha vipi. Tafadhali tuseme mambo ya kufanyika, mahubiri ya maadili tuyaache.

Chembe
Hiyo mbona rahisi mkuu. Chembe nyekundu zimepasuka wakati wa kuchoma sindano, potasiamu iliyokuwa ndani ikamwagika kwenye seramu. Futa namba, acha kisanduku wazi, pembeni andika "sampuli mbovu". Kwisha habari.

Bi_Maabara
Chembe, umegusa nusu. Kabla ya kusema chembe zimepasuka, soma vipimo vingine vya sampuli hiyo hiyo.

Lakini hata kabla ya hapo kuna simu ya kupiga. Potasiamu 9.8, ikiwa ni ya kweli, inaweza kusimamisha moyo. Mratibu wa jedwali hana mamlaka ya kuamua peke yake kwamba ni kosa. Daktari wa utafiti aambiwe muda huo huo, mshiriki atafutwe, damu ichukuliwe upya. Mambo ya jedwali yanafuata baadaye. Mtu aliyeandika 4.8 kimya kimya ameziba pia njia ya mshiriki kuangaliwa, na hili huwa silisikii likitajwa kwenye mabishano ya aina hii.

Pili, fungua karatasi ya majibu au kumbukumbu ya mashine. Ikisomeka 4.8, basi kweli ni uchapaji, na kusahihisha kunaruhusiwa kabisa: thamani ya zamani ibaki inaonekana, sababu iandikwe, jina na tarehe viwepo. Ikisomeka 9.8, hakuna cha kusahihisha. Mashine ilipima kilichokuwa ndani ya tyubu. Swali linahamia kwenye tyubu.

Mtunza_Jedwali, kalsiamu na kimeng'enya cha ALP kwenye mstari huo ni ngapi?

Mtunza_Jedwali
Karatasi ya maabara inasema 9.8. Kalsiamu 1.20, ziara ya kwanza ilikuwa 2.33. ALP 18, kabla ilikuwa 74. Fahirisi ya hemolisisi, yaani kupasuka kwa chembe nyekundu, iko chini kabisa, na fundi ameandika seramu ilikuwa safi.

Bi_Maabara
Basi picha imekamilika. Hiyo inaelekea kuwa EDTA.

Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina chumvi ya potasiamu ya EDTA. Kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande. Damu yake ikiingia kwenye tyubu ya seramu, potasiamu inapanda kwa sababu EDTA imekuja nayo, kalsiamu inashuka kwa sababu imekamatwa, na ALP inaanguka kwa kuwa kimeng'enya hicho kinahitaji zinki na magnesiamu, ambazo nazo zimekamatwa. Chembe zikipasuka, utaona potasiamu juu pamoja na vimeng'enya vya LDH na AST, seramu inageuka ya waridi au nyekundu, lakini kalsiamu haishuki hadi nusu.

Chanzo cha kawaida ni tyubu ya seramu kupungukiwa, mtu akamimina kidogo kutoka ya zambarau ili kujazia. Chanzo kingine ni kuanza na ya zambarau kabla ya ya seramu. Mpangilio ni seramu kwanza, EDTA baadaye.

Nungunungu
Sasa kama tunajua ni EDTA, si tukokotoe tu tuitoe? Kalsiamu imeshuka 1.13, kwa hiyo potasiamu tupunguze kiasi kinacholingana.

Bi_Maabara
Hapana ndugu yangu. Hujui ni EDTA kiasi gani iliingia, hujui kalsiamu halisi ya siku hiyo ilikuwa ngapi, na vipimo vya kalsiamu haviathiriki sawa kwenye kila mashine. Utapata namba yenye sura nzuri ambayo hakuna mtu aliyeipima.

Na damu ya marudio nayo isiwekwe juu ya 9.8. Tuseme imesoma 4.5. Hiyo ni sampuli nyingine, ya saa nyingine, pengine mshiriki ameshakula au ameshapewa dawa. Inapata mstari wake, na tarehe na saa yake.

Mzee_wa_Hesabu
Naingia upande wa takwimu, kwa sababu huko ndiko ombi la "weka 4.8" linakotoka.

Chukua kundi la watu 20. Wastani wa wale 19 wengine ni 4.30. Ukiacha 9.8, wastani wa kundi unakuwa 4.575. Ukiweka 4.8, unakuwa 4.325. Ukiitoa, unabaki 4.30. Kama kundi la kulinganisha liko 4.30, namba moja ndiyo inayoamua kama kuna tofauti ya kuzungumzia. Sasa aliyeomba ibadilishwe, anajua M-047 yuko kundi gani? Kama anajua, uamuzi wake hauaminiki hata akiwa sahihi kuhusu EDTA.

Dawa ni kuandika kanuni, halafu kuipitisha kwenye mistari yote bila kuangalia makundi. Kwa mfano: potasiamu imepanda zaidi ya 0.8 kulinganisha na ziara iliyopita, na papo hapo kalsiamu imeshuka chini ya 2.00. Viwango hivyo nimevitaja kwa mfano tu, vyenu viamuliwe na mtu wa maabara. Faida yake ni kwamba kanuni inaibua na zile ambazo hazikumshtua mtu. Mshiriki mwenye potasiamu 5.1 na kalsiamu 1.92 anapita bila kutazamwa, kumbe tyubu yake iliingiwa na tone tu. Ukirekebisha iliyopiga kelele peke yake, zilizonyamaza zinabaki ndani na zinavuta wastani juu. Na ukishaifuta 9.8, hakuna atakayekumbuka kuwatafuta waliochukuliwa damu siku ile na mtu yule yule.

Chembe, kuhusu kuacha wazi: kisanduku kitupu kina maana nyingi mno. Hakuja? Damu haikutosha? Jibu halijafika? Ama mtu amelifuta? Miezi mitatu baadaye hata wewe hutajua.

Chembe
Sawa mzee, nimekuelewa hapo kwenye utupu. Ila bado nasema kuiacha 9.8 ionekane ni hatari, kuna mtu ataichora kwenye grafu.

Mzee_wa_Hesabu
Ndiyo maana unaongeza safu, huondoi namba. Safu ya `k` inabaki kama ilivyotoka maabara. Pembeni weka `k_alama` na `k_sababu`. Uchambuzi usome safu ya nne inayotengenezwa na msimbo wa R, si kwa mkono:

```r
d$k_uchambuzi <- ifelse(d$k_alama == "EDTA", NA, d$k)
```

Hakikisha `k_alama` ya mistari mizuri imeandikwa "sawa". Ukiiacha tupu, R inaweza kuisoma kama NA, yaani thamani haipo, na mistari yote hiyo itakuwa NA pia. Hapo ndipo watu wengi hupoteza data wakidhani wanaisafisha.

Ripoti itoe matokeo mawili, yenye M-047 na yasiyo naye, na iseme wangapi waliwekewa alama kwa kila kundi.

Kifuli
Samahani wakuu, jedwali langu limefungwa na nywila nimeisahau, nataka kurekebisha umri wa washiriki kadhaa. Mnafungua vipi?

Mtunza_Jedwali
Kifuli, hapa tunazungumzia kinyume chake, namna ya kulifunga. Mwombe aliyelifunga, na umri uusahihishe kutoka kwenye fomu ya usajili, kwa utaratibu ule ule wa Bi_Maabara.

Tukiwa hapo: kwenye Google Sheets mimi nategemea historia. Inatosha?

Nungunungu
Inatosha kabisa. Bofya kulia kwenye kisanduku, `Show edit history`, unaona nani kabadilisha, lini, kutoka ngapi kwenda ngapi.

Mzee_wa_Hesabu
Inasaidia, haitoshi. Haionyeshi kila kitu: mistari au safu zilizoongezwa au kufutwa zinaweza zisionekane, na mabadiliko yaliyoletwa na fomula pia. Wala haiandiki kwa nini. Mtu akipakua faili na kulirudisha kama jipya, mfuatano umekatika. Na mtu akipanga safu moja tu kwa ukubwa huku nyingine zimebaki, potasiamu ya kila mtu inahamia kwa jirani, na kila namba bado inaonekana ya kawaida.

Funga karatasi ghafi kwa `Data > Protect sheets and ranges`, ibaki na mtu mmoja au wawili. Wengine wape `Commenter`. Kila wiki pakua nakala yenye tarehe kwenye jina la faili.

Bi_Maabara
Na hoja yenyewe kwenda maabara iandikwe hivi, mtu akitaka anakili:

"M-047, ziara ya 2. Potasiamu 9.8, kalsiamu 1.20, ALP 18. Ziara ya 1: 4.4, 2.33, 74. Fahirisi ya hemolisisi iko chini. Tafadhali hakikini matokeo na mtueleze hali ya sampuli, mpangilio wa tyubu, na kama sampuli imebaki ya kupima tena. Daktari amearifiwa saa 4:10 asubuhi. Thamani haijabadilishwa."

Angalieni kwamba haisemi "je, si 4.8?" Ukimpa mtu jibu ndani ya swali, atakurudishia hilo hilo. Hata neno EDTA sijaliweka, waligundue wenyewe.

Salama
Sisi shida yetu ni tofauti kidogo. Mashine inatoa `<0.5`, msimamizi anataka tuandike 0 ili safu ihesabike. Hiyo nayo ni kubadilisha?

Mzee_wa_Hesabu
Dada Salama, ndiyo. Sifuri inadai kwamba hakuna kitu, wakati mashine imesema tu kwamba haiwezi kuona chini ya 0.5. Hifadhi `<0.5` kwenye safu ghafi, weka safu ya pili yenye kikomo, 0.5, na ya tatu inayosema "chini ya kikomo". Namna ya kuhesabu iamuliwe kwenye uchambuzi, na iandikwe.

Mtunza_Jedwali
Limebaki moja. Yule mwenye cheo anasema basi atasaini mwenyewe kwamba ameidhinisha 4.8. Sahihi yake inatosha?

Nungunungu
Kama kasaini, mzigo ni wake.

Bi_Maabara
Sikubaliani. Sahihi inaonyesha nani kaamua, haionyeshi 4.8 imepimwa wapi. Maabara ikitoa ripoti mpya iliyosahihishwa, nitaiingiza hata bila sahihi yake. Bila hiyo, aandike ombi lake kwenye maoni ya kisanduku, nami nitajibu hapo hapo.

Mzee_wa_Hesabu
Mimi ningempeleka mbele zaidi, kwa kamati ya maadili, kama anajua makundi. Ila hapo najua wengi hawataki kufika.