Naomba ushauri: maneno ya kuandamana na picha ya familia

Hamjambo wanakikundi. Jumapili tulikutana nyumbani Vihiga, mara ya kwanza sote tangu tumzike babu mwaka jana. Picha nzuri zaidi tuliipiga chini ya mwembe. Nyanya yuko katikati, amecheka mpaka leso imemteleza begani, na kando yake kiti cha babu kiko kitupu. Hakuna aliyekipanga hivyo. Wajukuu walikataa tu kukikalia.

Nataka kuiweka Facebook. Kwanza niliandika: "Familia ni kila kitu. Mungu ni mwema." Dada akasema hayo yanafaa hata picha ya harusi ya jirani, na kusema kweli hakukosea. Nikajaribu: "Babu, pengo lako halizibiki." Binamu yangu wa Kisumu alipoyasoma akapiga simu mbio kuuliza ni nani tena amefariki. Sasa nimebaki na haya:

"Mwembe ni ule ule, na kuku hawakutosha kama kawaida. Nyanya amecheka. Kiti cha babu tumemwachia."

Sentensi ya kiti niiache mwisho, au niitangulize? Maneno yakiwa marefu simu huonyesha mistari ya mwanzo tu, na wengi hawafungui yaliyobaki. Lakini nikianza na kiti, naogopa itasomeka tena kama tanzia.

Na huo utani wa kuku, wazee wa ukoo wataukubali? Nyanya nilimsomea akacheka, ila yeye hucheka kila kitu.