Ulinganisho: kuuza mahindi leo, kuyaweka tu ghalani, au kuyaweka huku umeshauza fyucha?

GhalaMoja
Wakuu, nina tani 500 za mahindi makavu kwenye ghala langu mwenyewe. Mnunuzi ananipa dola 200 kwa tani akipakia leo. Fyucha, yaani mkataba wa soko la bidhaa wa kukabidhi nafaka baadaye kwa bei inayopangwa leo, ya miezi mitano mbele inasoma 216. Naona njia tatu: niuze leo, niyaweke nisubiri, au niyaweke huku nimeuza fyucha. Nina mkopo wa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, na nikiuza leo naupunguza. Nyie mngechagua ipi, na kwa hesabu gani?

Mkwezi
Mkuu, jibu si liko wazi? Soko lenyewe limekwambia mahindi yatafika 216. Weka mzigo, usiuze fyucha. Ukiuza fyucha unajifungia mlango, bei ikipanda hupati kitu.

HesabuKwanza
Mkwezi, hapo kwenye kufungiwa mlango uko sawa, ila 216 si utabiri.

Chukua mtu mwenye ghala palepale kwenye kituo cha kukabidhia. Akinunua tani moja leo na kuikalisha miezi mitano, kuna riba, pango la ghala, dawa ya kufukiza na bima, halafu kuna uzito unaopotea kwa kukauka na wadudu. Fyucha ikizidi bei ya leo pamoja na gharama hizo zote, atanunua mzigo, atauza fyucha, atasubiri na kukabidhi. Amepata faida bila kubahatisha. Wakiingia wengi kama yeye, bei ya leo inasukumwa juu na fyucha inasukumwa chini mpaka faida hiyo iishe. Kwa hiyo gharama za kushikilia mzigo ni dari ya fyucha. Sakafu ya namna hiyo haipo, maana huwezi kuazima mahindi kwa mwenye kinu anayetaka kusaga kesho asubuhi.

Sasa hesabu yako kwa tani. Riba ya miezi mitano kwenye 200 ni 7.50. Dawa na bima weka 1.50. Uzito ukipungua asilimia 1 ni 2. Jumla 11. Aliyepanga ghala kwa dola 2 kwa mwezi anaongeza 10, anafika 21.

Kisha angalia pengo, yaani bei yako ya ghalani ukitoa fyucha. Leo ni 200 kutoa 216, sawa na −16. Swali linalokuhusu ni moja tu: mkataba ukikaribia kuisha, pengo hapo kwako huwa linasimama wapi?

GhalaMoja
Nimeandika kwenye daftari miaka sita. Mwezi wa kukabidhi huwa kati ya −2 na −5, mara nyingi −3.

HesabuKwanza
Basi soko linakulipa 13 ili ushikilie mzigo, kutoka −16 hadi −3. Ona inavyokwenda. Tuseme bei imeporomoka na fyucha iko 180: unauza mahindi 177, fyucha uliyouza 216 unainunua tena kwa 180 na kupata 36. Jumla 213. Tuseme imepaa hadi 250: unauza mahindi 247, unapoteza 34 kwenye fyucha. Jumla 213 vilevile. Ukitoa gharama zako 11 unabaki na dola 2 kwa tani juu ya kuuza leo, kabla ya kamisheni ya dalali. Aliyepanga ghala angepoteza 8. Fyucha ileile, mahindi yaleyale; ghala la nani ndilo linaloamua.

Shehena
Samahani, mimi niko mbali sana na kituo cha kukabidhia. Nafaka nitaifikishaje? Nauli peke yake itamaliza hizo dola 2.

HesabuKwanza
Ndugu, hufikishi kitu. Siku unayomuuzia mnunuzi wako ndiyo siku unayonunua tena fyucha zako, basi umetoka. Walio karibu na kituo ndio wanaozibana bei zikutane: mwezi wa kukabidhi, fyucha ikiwa juu ya bei ya pale wananunua nafaka na kuikabidhi, ikiwa chini, wananunua fyucha na kuipokea. Kwao pengo linakwenda karibu na sifuri. Kwako linasimama kwenye tofauti ya nauli na ubora, ndiyo hiyo −3 ya mwenzako. Asiye na daftari la pengo la kwake mwenyewe anakisia tu.

DadaNafaka
Mimi nataka GhalaMoja asome yaliyonipata. Mwaka mmoja bei ya ghalani kwangu ilikuwa 230, fyucha ya baada ya mavuno mapya 205. Nikasema nimejikinga, nikauza fyucha na kuacha mzigo ndani. Mavuno yakaingia, pengo likatoka +25 hadi −3. Nilipoteza 28 kwa kila tani pamoja na riba na dawa, wakati kinga yenyewe ilifanya kazi yake sawasawa! Ilinikinga na bei, haikunikinga na pengo. Fyucha ikiwa chini ya bei ya leo, soko linakuomba nafaka sasa hivi. Uza.

Mizani
Dada kasema kweli. Naongeza mawili.

La kwanza, kukutana kwa bei si sheria ya maumbile. Ngano ya Chicago kati ya 2005 na 2010 ilikataa mara kwa mara, na mwaka 2008 fyucha ilifika mwisho ikiwa zaidi ya dola moja kwa busheli juu ya bei ya ngano yenyewe. Pale anayepokea anapewa stakabadhi ya ghala badala ya ngano yenyewe, na ada ya ghala kwenye stakabadhi hiyo huwekwa na soko. Ada ilikuwa chini ya gharama halisi ya kuhifadhi, kwa hiyo watu waliona heri washike karatasi kuliko kutoa ngano. Bei ya fyucha ikabeba thamani ya hiyo nafuu. Mwaka 2010 wakaanzisha ada inayopanda tofauti ya bei kati ya miezi ikikaribia gharama kamili, na bei zikarudi kukutana. Aliyeuza fyucha akingoja −3 kipindi kile aliumia.

La pili ni dhamana, yaani pesa unayoweka kwa dalali na kuiongeza kila bei ya fyucha ikienda kinyume nawe. Mkataba wa mahindi wa Chicago ni busheli 5,000, kama tani 127, kwa hiyo minne inafunika tani 508. Fyucha ikipanda kutoka 216 hadi 250 utadaiwa zaidi ya dola 17,000 taslimu kabla hujauza hata gunia. Pesa hiyo iko kwenye mahindi, lakini mahindi bado yamelala. Mtu akishindwa kuongeza dhamana anafungiwa mikataba palepale juu, kisha bei ikishuka anabaki uchi. Mimi ningefunika tani 381 tu, mikataba mitatu.

Mkwezi
Nimeelewa kuhusu 216. Ila dola 2 kwa mateso yote hayo? Mimi bado ningeuza nusu leo, nusu niiache wazi.

HesabuKwanza
Hiyo nusu ya wazi ni kamari ya bei, na ni haki yako ukijua unacheza. Pengo lenyewe likija −5 badala ya −3, zile 2 zimeisha. Kwa hiyo nami leo nisingeweka oda. Ningengoja pengo lifike −19 au zaidi, kama huwa linashuka hivyo mavuno yanapomiminika.

GhalaMoja
Daftari linaonyesha limewahi kufika −21, wiki ya pili ya mavuno. Sasa niko wiki ya kwanza. Ila kuna kitu bado kinanisumbua: jirani ameniomba apange nusu ya ghala kwa dola 1 kwa tani kwa mwezi. Je, hiyo 5 ya miezi mitano niihesabu kama gharama yangu?

Mizani
Ihesabu. Ukimkataa umeilipa.

DadaNafaka
Mimi siihesabu mpaka awe ameshika pesa mkononi.