Karuseli ya zawadi: droo ya komenti, droo ya majina au jibu bora?

FundiMadaftari: Natoa daftari moja nililoshona mwenyewe, kwa karuseli ya slaidi 5 Instagram. Masharti: ufuate akaunti, ukomenti, utagi rafiki, ushirikishe kwenye stori. Mwisho Ijumaa saa sita usiku. Mshindi nimpate kwa programu ya kuchagua komenti, kwa droo ya majina, au nichague jibu bora? Sitaki kuambiwa nimempa shoga yangu.

Cheupe_22: Programu. Bonyeza, jina limetoka, hakuna lawama.

MzeeJedwali: Lawama zipo, Cheupe, inategemea inahesabu nini. Niliwahi kusimamia droo yenye komenti 214 za watu 96. Mmoja peke yake aliandika 31, akitagi rafiki mmoja mmoja. Kwa komenti, nafasi yake ilikuwa karibu 1 kati ya 7, na aliyeandika moja alikuwa na 1 kati ya 214. Kwa majina, kila mmoja 1 kati ya 96. Ukitaka komenti nyingi zihesabike, sawa, ila liandike kwenye slaidi ya masharti.

Mimi hupanga majina kwenye jedwali, marudio nayatoa, naposti orodha yenye namba kwanza, ndipo nachagua:

```
=RANDBETWEEN(1,96)
```

Angalia, fomula hiyo hubadilisha namba kila ukigusa jedwali. Rekodi skrini bila kukata, na namba ya kwanza ndiyo hiyo hiyo. Toa pia namba mbili za akiba, kwa mpangilio, mshindi asipojibu ndani ya saa 48.

Mama_Pacha: Mimi nilishawahi "kushinda". Akaunti yenye picha ileile ikaniomba ada ya kutuma mzigo, nikalipa. Ilikuwa ya bandia.

FundiMadaftari: Pole dada. Slaidi ya mwisho nitaandika: tunawasiliana kwa akaunti hii tu, hatuombi pesa.

Kalamu7: Hiyo stori iondoe. Akaunti iliyofungwa ikishirikisha huioni, sasa utamkataa kwa ushahidi gani? Na "Ijumaa saa sita usiku" ni ya kuamkia Ijumaa au Jumamosi? Andika Ijumaa saa 5:59 usiku, na saa za wapi.

Cheupe_22: Tarehe si aiweke kwenye kapsheni tu?

Kalamu7: Aiweke, lakini kapsheni huhaririwa. Tarehe iliyo ndani ya picha haibadiliki kimyakimya, na ndiyo inayokubana usiongeze siku komenti zikiwa chache. Na Instagram wenyewe wanakubana: wanataka useme kwamba wao hawadhamini wala hawasimamii shindano lako.

FundiMadaftari: Na jibu bora?

MzeeJedwali: Hilo ni shindano, si droo. Utaje waamuzi na wanachotazama kabla ya komenti ya kwanza. Shoga yako akishinda hapo, hata mimi nitakuuliza.

Kalamu7: Mimi ningemzuia shoga hata kwenye droo.

MzeeJedwali: Kwenye droo iliyorekodiwa? Mwache ashiriki.

Kalamu7: Hapana mzee. Rekodi watatazama wangapi?